Sini ya Simu Niliyoifuta

Wanangu mnaojifunza kuandika michezo ya kuigiza ya video, wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Kazi nimestaafu, ukali sijastaafu. Nimeandika skripti hapa Dodoma tangu redio ikiwa mfalme wa sebuleni, mpaka hizi video fupi mnazozitazama huku mnatembea na kugonga watu. Kila mara mnaniuliza, Bi Mwana, ni skripti gani unaionea fahari? Mnategemea nitaje ile iliyochekesha mkoa mzima. Leo nitawaambia kuhusu sini moja niliyoifuta. Sini ni kile kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ninyi mnajua, namwambia yule wa nyuma aliyechelewa.

Kabla sijaenda mbali, mwenye habari hii ameniruhusu kuisema. Jina lake nimelibadilisha, la mumewe pia, na mambo mawili matatu ambayo mtu angeweza kuyafuata mpaka mlangoni kwake. Hilo nalo ni somo, nitalirudia hapo mbele.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mrefu aliyekuwa akisinzia kwenye kiti cha studio na kuamka pale tu mtu aliposoma sentensi mbovu. Sijui alikuwa anasikiaje. Yeye ndiye aliyenizuia kuwasomea skripti watu waliokaa tu. "Wasomee wenye kazi mikononi," alikuwa anasema. "Midomo ya watu ina adabu, Mwanaidi, itakusifu tu. Mikono haina adabu." Basi nikazunguka na karatasi zangu. Nimesoma kwa akina mama wanaochambua zabibu, nimesoma karakana za Kizota kwa vijana wanaochomelea mageti, nikawa napiga kelele kushindana na mashine. Ukiona mikono inaendelea na kazi, hadithi yako ni upepo. Ikisimama, umegusa kitu. Mara moja nilisoma kichekesho ambacho niliamini kitavunja mbavu, wale mama wakachambua zabibu mpaka wakamaliza tenga, kisha mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua.

Sasa, miaka michache kabla sijastaafu tulipewa kazi ya video ya kuonyeshwa kwenye televisheni za kliniki, kule watu wanakosubiri, na baadaye isambazwe kwenye simu. Kiini chake kilikuwa mwenzi anayemtawala mwenzake: anayemchagulia marafiki, anayemshikia kadi ya benki, anayetaka nywila zake zote, anayemfanya aombe ruhusa hata ya kwenda kumwona dada yake. Mtazamaji atambue mambo hayo, na ajue pa kupata msaada. Studio yetu ilikuwa nyumba ya kupanga Area D, kuta zimefunikwa mablanketi ili sauti isirudi, na jogoo wa jirani ambaye nina hakika alikuwa analipwa na washindani wetu.

Mwongozaji alikuwa Yoramu. Kijana mwenye akili, moyo mzuri, na mdomo usio na mlango. Mwigizaji mkuu, aliyebeba hadithi, alikuwa Salome. Na fundi wetu wa mavazi alikuwa Zuhura, dada mpole wa Kizota, aliyekuwa na cherehani yake kwenye chumba cha nyuma na pini mdomoni asubuhi hadi jioni. Kama unataka kujua kilichokuwa hatarini katika habari hii, si video. Ni huyo Zuhura.

Yoramu aliandika rasimu ya kwanza. Masikini, ilikuwa na kila kitu. Mume anaitwa Beka, mlevi, nyusi zimekunjwa tangu mwanzo, anapiga kofi kabla hata maandishi ya mwanzo hayajaisha. Mke anaitwa Tausi, kazi yake kulia. Halafu anatokea daktari mwenye koti jeupe, anamwangalia Beka usoni, anamwambia Tausi, "Mumeo ana ugonjwa wa nafsi," na kutaja jina refu ambalo Yoramu alilitoa kwenye mtandao. Mwisho, Tausi anabeba begi katikati ya mvua, muziki unapanda.

"Mvua ya Dodoma hiyo umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Tutamwaga maji kwa bomba, mama."

Tulikuwa na mshauri, Bi Agneta, afisa ustawi wa jamii, mama mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye hakuipandisha hata siku moja. Akaisoma rasimu yote, akavua miwani, akasema, "Mwanangu Yoramu, umefanya kazi. Sasa tuivunje."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana nilidhani najua kuandika mpaka nilipokaa na mama yule.

Alianza na yule daktari. "Mtoe. Sisi hatumpimi mtu kwa televisheni. Hatujui Beka ana nini, pengine hana kitu chochote. Tena ukimwita mgonjwa, mtazamaji atasema, mume wangu mzima wa afya, basi hayanihusu. Mwingine ataenda nyumbani kumbandika mwenzake jina, na hapo umezua balaa. Onyesha tabia. Onyesha tabia hiyo inamfanya mwenzake aishi vipi. Ishia hapo."

Akaja kwenye ulevi na nyusi. "Huyu Beka wako kila mtu anamkimbia. Mwanamke ambaye mumewe hanywi, hapigi, anasalimia wazee na kuwabebea mizigo, hatajiona humu. Na mara nyingi anayemtawala mwenzake ni mtu anayependwa mtaa mzima."

"Lakini mama," Yoramu akasema, "wivu si kila mtu anao? Mimi mwenyewe nikiona mchumba wangu anacheka na mtu nauliza."

"Unauliza, sawa. Asipokujibu, unafanya nini?"

"Nanuna kidogo. Halafu naagiza chipsi."

"Yeye anaogopa ukinuna?"

"Huyo? Anakula chipsi zenyewe."

Bi Agneta akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akatupa swali ambalo nawaachia ninyi kama urithi, maana mashamba sina. Akasema, usiulize mtu alifanya nini siku moja. Uliza hivi: mwenzake akisema hapana, kinatokea nini? Wakikwaruzana, wakasameheana, na kila mmoja bado anaweza kusema hapana kesho, hiyo ni ndoa, ina vumbi lake. Lakini kama hapana moja inagharimu siku nzima ya kununiwa, au vitisho, au kufungiwa simu, mpaka mtu anaanza kupima kila neno kabla hajalitoa, na hali hiyo inajirudia, hapo pana jambo. Akaongeza kwamba anayetawaliwa anaweza kuwa mwanamume pia, amewasaidia kadhaa, na kwao kusema ni vigumu zaidi kwa sababu wanachekwa.

Basi tukaandika upya. Beka akawa mtu wa watu, fundi msafi, shikamoo zake hazikosi. Hakuna kofi. Anamfuata Tausi kazini kila siku, majirani wanasema amebahatika. Anamchagulia nguo kwa sauti laini. Dada wa Tausi akija, Beka anakaa kimya mpaka mgeni anaona haya na kuondoka, na safari nyingine haji. Tausi akikosea, Beka haongei naye, halafu anarudi na kitenge kipya na maneno matamu. Na Tausi, taratibu, anaacha kuimba anapofagia. Hiyo ya kuimba niliiweka mimi, na naiona ilikaa vizuri.

Kilichokosekana kilikuwa kicheko. Video ya kliniki bila kicheko watu wanaangalia ukuta. Yoramu akapata wazo, akalileta akiruka.

"Sini ya simu. Kama ya shemeji."

Shemeji tuliyemwita hivyo alikuwa Sudi, mume wa Zuhura. Alikuwa anampigia Zuhura kwa video akiwa kazini, si mara moja kwa siku. Zuhura anapokea, halafu anazungusha simu chumba kizima, polepole, ukuta hadi ukuta. Na sisi tulikuwa na desturi yetu: simu ya Sudi ikiita, Yoramu anapiga makofi, "Shemeji huyo, jipangeni," na kila mtu anaacha alichoshika, anakuja kusimama kwenye mstari na kupunga mkono. Wapiga picha, waigizaji, hadi mpishi na mwiko wake. "Shikamoo shemeji! Mapenzi hayo!" Tulifanya kwa wema kabisa. Ilikuwa burudani ya studio.

Yoramu akaiandika ilivyo. Beka anapiga, Tausi anazungusha simu, wafanyakazi wote wanajipanga. Ilikuwa sini safi kuliko zote, nasema kweli ya Mungu. Ina mwendo, inachekesha, halafu inakubana shingo.

Tukaisoma kwa sauti chumba cha mavazi, kwa desturi ya Mzee Ndahani, kwa kuwa pale kulikuwa na wenye kazi mikononi. Salome akashika kipande cha sabuni kama simu, akaigiza kukizungusha. Watu wakacheka sana. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mikono, na mikono ya Zuhura ilikuwa imesimama juu ya cherehani. Kitambaa kiko chini ya sindano, mguu umetoka kwenye kanyagio. Hakucheka, hakulia. Simu yake ikaita muda si mrefu, Yoramu akasema shemeji huyo, watu wakajipanga, naye akainua simu akaizungusha. Ndipo nilipoona ile simu haituonyeshi sisi kwa mapenzi. Inatuhesabu. Na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunajipanga ili hesabu iwe rahisi.

Mnanijua nilivyo. Mrangi wa Kondoa mimi, nikikasirika huwa nasimama kabla sijajua naelekea wapi. Nilitaka nimshike Zuhura mkono nimwambie najua kila kitu, funga virago. Bahati nzuri Bi Agneta alikuwa anakuja siku iliyofuata. Nikamuuliza bila kutaja jina, mtu akihisi mwenzake wa kazi ana shida ya namna hii afanyeje.

"Usimwambie unajua," akasema. "Pengine hujui. Usimseme vibaya mumewe, atamtetea, na kesho hatakuja kwako tena. Mwachie mlango. Mwambie kitu ambacho anaweza kukiokota au kukiacha, mkiwa wawili tu."

Nikaenda kwa Zuhura na sketi yangu iliyofumuka. Nikamwambia, "Mwanangu, kile chumba changu cha kuandikia kina chai na mlango unaofunga. Ukichoka na kelele za hawa, karibu. Si lazima kuongea." Akanitazama, pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa kidogo. Akanishonea sketi. Hakuja. Siku zikapita, hakuja, na mimi nikawa nakunywa chai peke yangu kwa hasira.

Huku kazi ikaendelea. Tukarekodi rasimu kwa simu, bila ile sini ya simu kwanza, maana ilihitaji watu wengi. Tukaenda kuijaribu kwenye kliniki moja ambako mama wajawazito huja na waume zao. Mwishoni mwa video Yoramu alikuwa ameweka namba kubwa, nyekundu, na sauti nzito: "Je, unatawaliwa na mwenzako? Piga sasa." Video ilipokuwa inaonyesha hadithi, watu waliacha hata kupepea. Ilipofika namba, mama wote, kama walioambiana, wakainamia kadi zao za kliniki. Mikono ikaanza kazi ghafla: huyu anakunja kanga, yule anatafuta kitu kwenye pochi ambacho hakikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Tulirudi studio tukiwa wanyonge. Yoramu akasema labda namba ingekuwa kubwa zaidi. Salome akasema labda rangi. Zuhura alikuwa anakunja mavazi pembeni, na akasema, kwa sauti ndogo na bila kutuangalia, "Nani ataandika namba hiyo mume akiwa ubavuni? Na akiiandika, simu inakaguliwa."

Bi Agneta, aliyekuwa anakunywa maji, akaweka bilauri chini kama anaogopa isilie. "Kwa hiyo ingefaa iweje?" akamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya uzi.

Zuhura akafikiri. "Kitu ambacho hakiandikwi. Neno tu, la kukumbuka. La kumwambia mtu ambaye ungekutana naye hata hivyo."

Hapo ndipo video ilipozaliwa, wanangu. Namba tukaitoa pale mwisho. Badala yake Tausi anampeleka mtoto kupimwa uzito, kama kila mwezi. Beka anasubiri nje. Muuguzi anamwandikia kadi, na Tausi anasema sentensi moja: "Nina jambo la nyumbani, naomba tuongee pembeni." Basi. Muuguzi hashtuki, hamhoji mbele za watu. Anasema, "Mama, njoo huku tumpime mtoto urefu," anafunga mlango. Na mle ndani tukaonyesha inavyokuwa kweli: muuguzi anasikiliza, anasema nakuamini, anasema kosa si lako, anauliza, uko salama kurudi nyumbani leo? Anamweleza kwamba kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, kuna ushauri wa sheria, na kwamba yeye ndiye atakayechagua lipi na lini. Hampi kikaratasi. Na ile ya begi na mvua tukaifuta, kwa sababu Bi Agneta alitueleza kwamba wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, ndio unaoweza kuwa wa hatari zaidi. Mtu anahitaji mpango: nani anajua, vyeti viko wapi, ataenda kwa nani, na atapita njia gani. Kumwambia "ondoka leo" kwa televisheni ni rahisi, wewe mwandishi hutakuwepo.

Yule Tausi wetu mwisho wa video haondoki. Anatoka kliniki na mtoto mgongoni, anamkuta Beka nje, wanakwenda nyumbani. Ila safari hii kuna mtu mmoja anayejua, na kuna siku ya kurudi.

Wiki ya kurekodi ikaanza. Asubuhi moja nilikuwa chumbani kwangu nagombana na aya, Zuhura akaingia na gauni la Tausi mkononi. Akafunga mlango. Akasimama.

"Mama," akasema, "nina jambo la nyumbani, naomba tuongee pembeni."

Mimi, na akili zangu zote, nikiwa bado nasoma, nikamjibu, "Hiyo ya Salome, mwanangu, inarekodiwa kesho."

"Najua ni ya Salome," akasema. "Leo nimeiazima."

Nikainua kichwa. Nikamvutia kiti. Na pale, wanangu, nikagundua kwamba kuandika maneno ni kitu kimoja na kuyatamka ni kazi nyingine, kwa sababu mdomoni mwangu kulikuwa na matusi ya Kirangi yamejipanga kama wafanyakazi wetu mbele ya simu. Nikayameza. Nikasema tulichoandika. Nakuamini. Kosa si lako. Uko salama kurudi nyumbani leo? Halafu nikauliza lile gumu kuliko yote kwa mtu kama mimi: "Ungependa nifanye nini?"

Nilitegemea aseme mengi. Akaomba matatu. Vyeti vyake, cha kuzaliwa na cha ushonaji, vikae studio. Awe anaongea na Bi Agneta pale pale kazini, kwa kuwa huyo mama huja hata hivyo na Sudi anajua ni mshauri wa video. "Na ile sini ya simu," akasema, "nakuomba isiwepo. Akiiona atajua nimesema. Hata kama sikusema."

Vyeti nikavificha kwenye sanduku la mavazi lililoandikwa "Majini na Mizimu," ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu mchezo mmoja wa zamani ambao bora usahaulike. Bi Agneta akawa anashinda chumba cha mavazi akipimwa gauni ambalo halikuisha kamwe. Na sini ya simu nikaifuta, nikampelekea Yoramu skripti bila maelezo.

Hapo nikapata nilichokitafuta. "Mama, hii ndiyo sini bora kuliko zote," Yoramu akasema. "Kwa nini?"

"Nimeona haifai."

"Haifai kivipi? Watu walicheka mpaka wakalia."

"Yoramu, kula mlenda wako uache skripti yangu."

Sikuweza kumwambia. Siri ya mtu si yako kumpa hata mtu mwema, hasa mwema mwenye mdomo usio na mlango. Akazunguka studio akisema mama amechoka, mama sasa ni wa kupumzishwa, na baadhi yao wakaniangalia kwa huruma. Iliniuma, tena sana. Nikamwambia tu kwamba ile desturi ya kujipanga mbele ya simu nimeipiga marufuku, inachelewesha kazi. Wakazidi kuona nimezeeka.

Sasa ndipo alipokuja Sudi mwenyewe. Mchana kweupe, anacheka, amebeba kreti ya soda kwa ajili ya wote. "Shikamoo mama," akaniambia, akainama vizuri kabisa. Akasema amekuja kumwona mkewe anavyofanya kazi. Akakaa kwenye benchi nyuma ya kamera, na siku hiyo tulikuwa tunarekodi Beka akimnunia Tausi. Sudi akatazama sini nzima, akatikisa kichwa.

"Huyu jamaa hafai," akasema. "Mwanamke unamkaba namna hiyo atapumuaje?"

Alisema kwa dhati. Sijui mpaka leo kilichokuwa moyoni mwake, na si kazi yangu kujua. Zuhura alikuwa amepiga magoti akirekebisha pindo la gauni la Salome, anaendelea na sindano.

Yoramu, akinywa soda ya bure, akafurahi kupata mtazamaji. "Shemeji, hii si kitu. Kulikuwa na sini moja kali, mama akaifuta. Ilikuwa inahusu..."

Mikono ya Zuhura ikasimama.

Wanangu, sijawahi kuigiza maishani. Lakini nilipiga ukelele mmoja nikashika kiuno nikakaa chini, puu, kwenye sakafu ya studio. "Mgongo wangu. Yoramu, mgongo." Soda ikamwagika, jogoo wa jirani akaitika, watu wakanikimbilia. Yoramu akanibeba mwenyewe hadi kwenye kochi akihema, na Sudi, mtu wa watu, akanipepea kwa skripti ile ile. Niliugua mgongo mpaka akaondoka. Nilipomaliza kuugua niliwaambia warudi kazini, na Yoramu akaenda kumwambia Salome kwamba kweli mama apumzishwe.

Zuhura hakuondoka kwa Sudi wiki ile, wala mwezi ule. Nataka mlijue hilo, maana nilikuwa nakosa usingizi na Bi Agneta alikuwa ananiambia, saa ni yake, si yako. Walipanga wao wawili, gauni lile lisiloisha likiwa limetandazwa mapajani. Siku aliyoichagua mwenyewe, sanduku la Majini na Mizimu likafunguliwa, na yeye akaenda kwa shangazi yake, Kondoa, dawati la jinsia likiwa limeshaarifiwa na ndugu wawili wanaomwamini wakijua njia atakayopita. Hakuna mvua. Hakuna muziki. Yoramu alipouliza fundi yuko wapi nikasema amepata dharura ya familia, nayo haikuwa uongo.

Video ilitoka. Bila namba, bila daktari, na bila sini bora kuliko zote. Sijui imemfikia nani, kwa sababu yule iliyemfikia hawezi kuandika maoni chini yake. Mkiandika kazi kama hii, zoeeni hilo. Wauguzi wawili watatu tu ndio walimwambia Bi Agneta kwamba kuna mama sasa wanaomba kuongea pembeni, kwa maneno yale yale.

Zuhura alirudi Dodoma baadaye, mambo yake yalipotulia kisheria. Ana chumba chake cha ushonaji, sisemi wapi. Nilikwenda kwake juzi juzi na sketi, ile ile, imefumuka tena. Nikamuuliza kama naweza kuwasimulia ninyi habari hii. Miaka yote nilipouliza alikuwa anasema bado, nami nanyamaza.

Safari hii akaendelea kushona, akafikiri. "Simulia," akasema. "Na ya simu pia. Ila Yoramu akitaka kuirudisha kwenye video, mwambie nitaiandika mimi."

"Yoramu bado anadhani nilichoka."

"Mwache adhani." Akacheka, pini mdomoni, na mimi nikacheka mpaka mgongo ukauma kweli.

Simu yake ikaita pale juu ya meza, kwa nguvu, ikitetemesha mkasi. Mimi nikaruka. Yeye akaitupia jicho, akasema, "Mteja huyo, atapiga tena."

Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa inashona.